Kufuta nembo ukutani kwenye shoti inayotembea: kiraka, maski na Mocha

Jamaa mmoja alinitumia klipu ya sekunde 8, msanii wake amekaa kwenye kreti la soda mbele ya duka la Mangi anaimba, kamera imeshikwa mkononi inasogea taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Duka lenyewe ni yale mnayoyajua, kampuni ya simu imekuja imepaka ukuta mzima rangi nyekundu bure, halafu katikati, kati ya dirisha la nondo na mlango, ikaweka nembo yake nyeupe kubwa kama meza. Sasa msanii kapata mdhamini na mdhamini hataki kuona nembo ya mtu mwingine. "Mkuu hapo si unaweka ukungu tu?" Hapana kaka. Ukungu ndo unamtangazia mtazamaji kuna kitu kimefichwa, jicho linaenda hapohapo, bora hata ungeiacha ilivyo.

Naeleza nilivyoitoa, kwa After Effects pamoja na Mocha AE ambayo inakuja humohumo ndani, hulipii ya ziada. Wazo zima ni dogo tu: unachukua fremu moja, unaisafisha kama picha ya kawaida, unakata kipande cha ukuta safi, unakibandika juu ya nembo kama kiraka cha suruali, halafu unakilazimisha kitembee na ukuta, ndo kutraki huko. Kubandika ni dakika kumi. Muda wote unaisha kwenye kukifanya kiraka kitulie, watu wapite mbele yake, na kichafuke sawasawa na ukuta uliobaki.

Faili kwanza

Klipu ilikuja kwa WhatsApp, nikamrudishia. WhatsApp ikiminya video inaacha vimraba-mraba kwenye rangi ya ukuta na vile vimraba vinabadilika kila baada ya fremu kadhaa, sasa hapo hata utraki vizuri vipi kiraka chako kitaonekana kisafi katikati ya uchafu. Mwambie atume kama dokumenti au aweke Drive.

Pili, simu nyingi zinarekodi kwa kasi isiyotulia, imeandikwa fremu 30 kwa sekunde lakini zingine zinachelewa zingine zinawahi. Dalili yake inachanganya sana: ndani ya Mocha kila kitu kimeshika vizuri, ukirudi After Effects kiraka kinachelewa fremu moja, kinakaa sawa, kinachelewa tena. Usihangaike kurekebisha traki, tatizo ni faili. Mimi kila kitu cha simu nakipitisha hapa kabla ya kufungua projekti:

```
ffmpeg -i duka.mp4 -vf fps=30 -c:v prores_ks -profile:v 3 -c:a pcm_s16le duka_30.mov
```

Kama ilirekodiwa kwa 25 andika 25. Usibadilishe 30 kuwa 25 hapa, utadondosha fremu na mwendo utaruka. Faili litanenepa sana, ni kawaida. Na usitulize mtikisiko wala kugusa rangi saa hizi, hayo yote yanakuja baada ya nembo kutoka.

Chagua fremu ya kusafishia

Sekunde 8 kwa fremu 30 ni fremu 240, kwa hiyo kompozisheni inaanzia 0 mpaka 239. Pita fremu moja moja utafute ile ambayo ukuta uko karibu kuliko mahali pengine, mkali, na hamna mtu mbele ya nembo. Hii ya "karibu" watu wanairuka halafu wanajuta. Ukisafisha kwenye fremu ambayo nembo ni ndogo, kamera ikisogea karibu kiraka kinavutwa na kinakuwa laini kama sabuni. Kwangu ilikuwa fremu 62, nembo ina upana wa pikseli kama 410. Iandike mahali namba hiyo, tutairudia mpaka mwisho.

Kutraki ukuta

Chagua leya ya video, nenda Effect, Boris FX Mocha, Mocha AE, halafu bonyeza lile neno MOCHA kubwa ifunguke dirisha lake. Juu pale badilisha mwonekano kutoka Essentials uweke Classic ili uone vitufe vyote.

Mocha haifuati nukta kama traka ya kawaida ya After Effects, yenyewe inafuata ubapa mzima: inaangalia michoro na madoa yote yaliyomo ndani ya mstari uliochora na kujiuliza hili bapa limeenda wapi, limegeuka vipi. Ndo maana inafaa kwa ukuta, na ndo maana vilevile inakataa kabisa ukiichanganyia vitu visivyo kwenye bapa moja.

Nenda fremu 62, shika kalamu ya X-Spline, uchore kuzunguka nembo lakini uache nafasi ya kutosha nje yake. Ndiyo, nembo yenyewe iwe ndani. Kuna watu wanaogopa wakidhani kwa vile inafutwa basi isitrakiwe, kumbe ukuta uliopakwa rangi moja hauna kitu cha kushika, zile kona za herufi nyeupe ndo zawadi yako. Ongeza na nyufa za plasta, misumari, lile doa la matope ya mvua chini. Usiingize nondo za dirisha, zimetokeza mbele ya ukuta. Usiingize kibao cha bei kinachoning'inia, kile kinapigwa na upepo.

Sasa kwenye klipu yangu kuna mama anapita na ndoo kichwani, anaikata nembo kuanzia fremu 131 mpaka 168. Usipomzuia Mocha itamfuata yeye, utaona mstari wako unaanza kutembea na ndoo kuelekea sokoni. Chora mstari wa pili kumzunguka mama, kwa uzembe tu, hauhitaji kuwa safi, na kwenye orodha ya leya uuweke juu ya ule wa ukuta. Mocha inaondoa eneo la leya ya juu kwenye hesabu ya leya ya chini. Msogeze kwa mkono kila baada ya fremu nne tano, inatosha.

Kwenye mwendo weka Translation, Scale, Rotation na Shear kwanza. Perspective iwashe tu kama kamera inazunguka ukuta kiasi kwamba upande mmoja unakuwa mdogo kuliko mwingine. Ukiiwasha wakati haihitajiki pembe zinaanza kucheza zenyewe. Halafu traki kuanzia 62 kwenda mbele mpaka 239, rudi 62, traki kurudi nyuma mpaka 0.

Ukimaliza usiamini. Washa ule ubapa wa Surface, uburute kona zake nne zikae kwenye kona za nembo, kisha pitisha video. Angalia kona moja moja, sio zote kwa pamoja, jicho moja kwenye kona moja mpaka mwisho halafu unarudia. Kwangu kona ya juu kulia ilianza kuteleza baada ya fremu 200, imeachia kama pikseli 3. Sababu ilikuwa kivuli cha bati la kibaraza, nilikichora ndani ya mstari wangu na pale makali ya kivuli hayakai sehemu moja. Nikapunguza mstari upande ule, nikatraki tena kuanzia 195, ikashika. Mara nyingi ndo dawa, kurekebisha mstari na kutraki kipande kile tena. AdjustTrack ipo lakini mimi naitumia mwishomwisho kabisa kwa pikseli moja au mbili.

Baada ya kuridhika, na hii ndo siri ya mchezo wote, rudi fremu 62 kamili ubonyeze Align Surface. Peleka mausi juu ya vitufe utaona jina. Ile Surface itatanuka ienee fremu nzima. Maana yake umeiambia Mocha kwamba kwenye fremu 62 picha nzima imekaa sawa bila kupindwa, na fremu zingine zote zihesabiwe kutokea hapo. Bila hivyo picha yako yote ya ukuta itabanwa iingie kwenye kimraba cha nembo, utabaki unashangaa. Sevu, funga.

Kutengeneza kiraka

After Effects ikiwa fremu 62, Composition, Save Frame As, File, utapata PSD. Ifungue Photoshop, tumia Clone Stamp kuondoa nembo.

Hapa ukuta una tabia zake. Juu ni mwekundu mwangavu, chini umefifia na kurukiwa na tope, kwa hiyo ukichukua rangi ya chini ukaipandisha juu itaonekana hata kwa asiyejua kitu. Chukua chanzo kilicho kimo sawa na unapopaka, kushoto au kulia. Badilisha chanzo mara kwa mara, la sivyo ule ufa mdogo wenye umbo la Y utatokea mara tatu kwenye mstari mmoja. Na paka zaidi ya ukingo wa herufi, kwa sababu kamera ya simu inaacha ukungu wa pinki kuzunguka nyeupe iliyo juu ya nyekundu, pikseli tano sita hivi, ukiuacha utaona mzuka wa nembo.

Kabla ya kusevu punguza chenga kidogo kwenye eneo ulilopaka. Chenga zilizoganda kwenye picha moja zitaonekana kama uchafu wa kioo wakati chenga za video pembeni zinacheza. Za kucheza tutaziongeza baadaye.

Ingiza PSD After Effects kama picha moja iliyobanwa, iweke juu ya video, ianze fremu 0, ipe jina Kiraka. Sasa kwenye leya ya video, ndani ya efekti ya Mocha fungua Tracking Data, bonyeza Create Track Data, chagua leya ya ukuta, sio ya mama. Kwenye Export Option weka Corner Pin, kwenye Layer Export To chagua Kiraka, bonyeza Apply Export. Kama kamera inarushwa kwa kasi chukua ile Corner Pin yenye maneno ya motion blur na uwashe swichi yake kwenye leya, kwangu kamera ilikuwa taratibu sikuhitaji.

Jaribio la kwanza: fremu 62, washa na zima jicho la Kiraka. Ukuta usisogee hata chembe, nembo tu ipotee. Ukisogea, ile Align Surface uliibonyeza fremu nyingine.

Maski

Ukiwa bado 62, chagua Kiraka, shika kalamu, chora maski kuzunguka ilipokuwa nembo. After Effects inakata maski kwanza ndo inapitisha efekti, kwa hiyo maski inapindwa na Corner Pin pamoja na picha, huna haja ya kuiwekea kifremu, yaani keyframe, hata kimoja. Watu wanateseka usiku kucha wanasogeza maski kwa mkono fremu 240 kisa hili tu hawalijui.

Mask Feather niliweka 24. Kumbuka ule ulaini unagawanyika nusu ndani nusu nje ya mstari, yaani 12 inaliwa kwa ndani, kwa hiyo ukichora mstari umebana nembo, ukingo wake utachungulia. Acha pikseli 20 au zaidi kati ya mstari na nembo.

Mama na ndoo yake

Sasa hivi mama akifika kwenye nembo anapotelea nyuma ya kiraka. Nakili leya ya video ya asili, toa efekti ya Mocha kwenye nakala, iweke juu kabisa, ikate ibaki 131 mpaka 168 kwa Alt+[ na Alt+]. Ni fremu 38. Mchore maski hapo.

Kitu cha kukuokolea muda: maski inatakiwa kuwa sahihi pale tu mwili wake unapokutana na kiraka. Miguu, sehemu ya kanga iliyo chini ya nembo, mgongo kabla hajafika, chora kihuni tu, nyuma yake ni video ileile hakuna atakayeona. Halafu usimchore mtu mzima kwa maski moja. Ndoo ni ngumu haibadiliki umbo, ina maski yake na nikaiwekea Mask Path vifremu vinne tu. Kichwa maski yake. Mkono ulioshika ndoo wa kwake. Kanga ndo ilinitoa jasho, ncha yake inapepea na inabadilika kila fremu tatu. Ulaini pikseli 1.5 hadi 2, makali ya maski yafanane na makali ya mtu kwenye video, ukiweka 0 anaonekana kama kakatwa na mkasi.

Nikamaliza nikaona nimeua, nikatuma. Jamaa akaiweka kwenye TV ya inchi 43 akanipigia: "Mzee, huyu mama ni jini? Mbona hana kivuli?" Kumbe jua linatoka nyuma ya kamera, kivuli chake kinapita ukutani na mimi nimekifunika na kiraka. Kivuli kilikuwa kinatembea, kikifika penye kiraka kinakatika, kinaendelea upande wa pili. Kwenye laptopu yangu sikukiona kabisa.

Nilichofanya: nikanakili leya ya Kiraka ikiwa na maski na Corner Pin yake, hiyo nakala nikaipa Curves kuitia giza mpaka ilingane na kivuli kilichobaki nje ya kiraka. Halafu nikatengeneza Solid nyeupe, nikaichora maski ya umbo la kivuli, ulaini 18, nikaisogeza kwa mkono kufuata vipande vya kivuli halisi vinavyoonekana juu na chini ya kiraka, na hiyo Solid nikaifanya iwe Alpha Matte ya ile nakala ya giza. Kwa hiyo giza linatokea penye umbo la kivuli tu na halitoki nje ya kiraka. Vyote viwili vinakaa chini ya leya ya mama.

Mwanga na chenga

Kuanzia fremu 190 anga inaingia kwenye picha upande wa kulia, simu ikajipunguzia mwanga yenyewe. Ukuta ukawa mweusi kidogo, kiraka kikabaki kinang'aa. Hapa usitumie macho, fungua paneli ya Info, peleka mausi kwenye ukuta sentimita moja nje ya kiraka usome namba, kisha ndani ya kiraka. Nje nilisoma nyekundu 151, ndani 168. Nikaweka Curves kwenye Kiraka, kifremu fremu 190 bila badiliko, kifremu kingine 214 namba zikilingana, na kimoja katikati kwa sababu simu haishuki kwa mstari ulionyooka.

Chenga: Effect, Noise & Grain, Match Grain, ikae chini ya Corner Pin kwenye orodha. Kwenye Noise Source Layer chagua video ya asili. Viewing Mode inaanza ikiwa Preview, inaonyesha kimraba kidogo tu katikati na watu wanadhani efekti imeharibika, ibadilishe iwe Final Output. Itapunguza sana kasi ya mashine, izime ukiwa unafanya mengine.

Mwisho nakipiga kiraka msasa wa kukitafutia makosa. Weka Adjustment Layer juu ya kila kitu, Levels, Input Black 20, Input White 90, kwa ukuta mwekundu kama huu. Picha inakuwa mbaya ya kutisha lakini tofauti yoyote ya rangi kati ya kiraka na ukuta inajitokeza kama doa la mafuta. Sogeza hizo namba mbili huku na huku video inatembea. Ndo nilipogundua kona ya chini kushoto bado ina upinki. Na tafadhali ifute hiyo leya kabla ya kurenda, niliwahi kuisahau na mteja akadhani nimempa staili mpya.

Njia hii inafanya kazi kwenye vitu bapa: ukuta, mlango, bango, ubavu wa daladala, kava la daftari. Nembo kwenye tisheti ya mtu anayecheza ni habari nyingine, kitambaa kinajikunja na Corner Pin ina kona nne tu haiwezi kufuata mikunjo. Kama nembo ni ndogo kifuani na mtu katulia unaweza kuitraki kwa kipande kidogo sana, akianza kucheza tu unahitaji traka ya wavu ambayo iko Mocha Pro ya kulipia, au umwambie avae tisheti nyingine kabla hamjashuti. Na wale wanaoniuliza kutoa alama za stesheni kwenye klipu walizodaunlodi, hizo hazitembei wala hazihitaji traki, na sizitoi.

Ukimaliza renda shoti hii peke yake kama ProRes, kisha irudishe kwenye taimulaini ya video nzima mahali pa ile ya zamani, hapo sasa ndo utulize mtikisiko na upake rangi, kiraka na ukuta vitabadilika pamoja.